Rejista ya CPN kwa OCR: mashine isome, na mtu aandike bila kuichungulia

Programu ya OCR, yaani ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi ya kompyuta, ikisoma sawasawa alama 97 kati ya kila 100, wengi husema kazi imekwisha. Tuipeleke hesabu hiyo kwenye tarehe. Tarehe katika rejista zetu za Bukavu huandikwa kwa tarakimu sita: mbili za siku, mbili za mwezi, mbili za mwaka. Uwezekano wa zote sita kutoka sawa ni 0,97 kwa kipeo cha 6, yaani karibu 0,83. Basi katika kila tarehe sita, moja si ya kweli. Na huwezi kuitambua kwa kuitazama tu, maana 17/03/24 ni tarehe nzuri kabisa, hata kama mama mkunga aliandika 11/03/24.

Ndiyo sababu mwongozo huu hautumii muda mwingi kwenye programu. Unatumia muda mwingi kwenye kazi ya mtu anayesahihisha, kwa kuwa hapo ndipo rejista inapookolewa au kuharibika. Nimechukua rejista moja tu, ile ya CPN, yaani ya mama wajawazito wanaokuja kupimwa kwenye kituo cha afya, kwa sababu ina kila ugumu: majina, tarehe nyingi, vifupisho, kalamu zinazobadilika, na mambo ya siri. Anayeshughulika na rejista ya shule ataona kwamba hatua ni zilezile, ila kolone ndizo zinazobadilika.

Kikosi kinachohitajika ni kidogo: watu wawili wa kuandika, mtu mmoja anayeifahamu rejista yenyewe, simu moja yenye kamera ya megapikseli 12 na kompyuta moja. Tena, kama rejista yako ina kurasa 40 tu, funga mwongozo huu. Watu wawili waiandike kila mmoja peke yake, walinganishe, wamalize. OCR huanza kuwa na faida unapokuwa na rejista za miaka kadhaa zenye kolone zilezile na miandiko inayorudi.

Ruhusa, na kolone ya kufunika

Rejista ni ya kituo, na kituo kiko chini ya zoni ya afya. Zungumza kwanza na muuguzi titileri, yaani mkuu wa kituo, kisha pata barua kutoka ofisi ya zoni inayosema ni kolone zipi unazochukua na kwa kazi gani. Usiseme "rejista nzima". Andika: namba, tarehe ya ziara, umri, tarehe ya hedhi ya mwisho yaani DDR, tarehe inayotarajiwa ya kuzaa yaani DPA, uzito, na kadhalika.

Rejista ya CPN huwa na mahali pa majibu ya kipimo cha VVU. Kama kazi yako haihitaji kolone hiyo, usiipige picha hata mara moja. Kata kipande cha katoni chenye upana wa kolone, kiweke juu yake kabla ya kila picha. Wapo wanaopiga picha kila kitu na kuahidi kuifuta baadaye kwenye kompyuta. Usifanye hivyo, kwa sababu picha ya kwanza hubaki kwenye simu, kwenye kadi, na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo mwenye simu alisahau kuizima. Sheria namba 08/011 ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya watu wanaoishi na VVU katika nchi yetu, na Code du numérique ya 2023 inagusa data za watu kwa ujumla. Lakini hata kabla ya sheria, mama aliyekuja kupima mimba Kadutu hakuja ili jina lake litembee kwenye simu za vijana.

Kwa sababu hiyohiyo, programu itakayosoma iwe inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila mtandao. Huduma za kupakia picha mtandaoni tuziache kwa nyaraka zisizo za wagonjwa.

Picha

Piga ukurasa mmoja kwa picha moja. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukijaza picha hiyo, unapata zaidi ya pikseli 300 kwa kila inchi, na hicho ndicho kiwango ambacho tarakimu ndogo ya biki hubaki na umbo lake. Ukitaka kuharakisha kwa kupiga kurasa mbili zilizofunguka pamoja, unashuka hadi karibu 240, na tarakimu zilizobanwa kwenye kolone nyembamba zinaanza kushikana. Rejista nyingi ni pana kuliko A4. Basi piga nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na uache sehemu ya katikati ionekane katika picha zote mbili.

Keti karibu na dirisha, bila flashi. Mawingu ya Bukavu hapa yanasaidia: mwanga wake ni laini na hauachi kivuli cha mkono. Chini ya ukurasa unaopiga, ingiza karatasi nyeusi. Karatasi za rejista ni nyepesi, na wino wa upande wa nyuma huonekana kwa mbele. Kukiwa na karatasi nyeusi chini, maandishi ya nyuma hufifia, na programu haitasoma tarakimu za ukurasa usiohusika. Mahali ambapo ukurasa unapinda kuingia kwenye mshono, weka kipande cha kioo kisicho na rangi ili kuukandamiza, ukiangalia kisirudishe mwanga wa dirisha.

Kila picha iitwe kwa namba ya ukurasa wa rejista, p041 kwa mfano, siku hiyohiyo, kabla ya kuhamia rejista nyingine. Kama kurasa hazina namba, ziandike kwa penseli pembeni, kwa idhini ya titileri.

Kuondoa mistari, kukata visanduku

Mara nyingi kolone zimechorwa na wauguzi wenyewe kwa rula na biki nyekundu, na maandishi ni ya bluu. Mstari mwekundu unaopita juu ya tarakimu ni adui mkubwa: 0 iliyokatwa na mstari husomwa 8 au 6, na mstari uliosimama kando ya namba husomwa 1. Dawa ni rahisi. Picha ya rangi ina tabaka tatu, ya bluu, ya kijani na ya nyekundu. Katika tabaka nyekundu, mistari myekundu huonekana karibu nyeupe, na wino wa bluu hubaki mweusi.

```python
import cv2
picha = cv2.imread("p041.jpg")
b, g, r = cv2.split(picha)
cv2.imwrite("p041_r.png", r)
```

Kabla ya kuifanya kwa rejista nzima, ifungue kwa macho na uulize: je, kuna kitu chochote kilichoandikwa kwa wino mwekundu? Wapo wakunga wanaoandika kwa nyekundu mama aliyepelekwa hospitali, au hatari waliyoiona. Ukitoa nyekundu, unamfuta mama huyo bila kelele. Ukikuta mwandiko mwekundu, tumia picha ya asili kwa kurasa hizo na uvumilie mistari.

Kisha kata ukurasa vipande vipande, kisanduku kimoja kimoja. Kuna njia za kuiachia kompyuta itafute mistari yenyewe, lakini mistari ya rula haikai sambamba, na kosa moja hapo husogeza ukurasa mzima: umri unaingia kwenye uzito. Kwangu mimi, njia inayokaa imara ni mtu kubonyeza pembe nne za jedwali katika kila picha ili programu iunyooshe, kisha kuweka mipaka ya kolone mara moja na kuitumia kwa kurasa zote zilizochorwa na mkono uleule. Mipaka ya mistari inayolala hukaguliwa kila ukurasa. Mtihani ni kolone ya kwanza: namba za mpangilio lazima zifuatane. Zikiruka, kuna mstari umekatwa vibaya.

Programu ipi

Tesseract inajulikana kuliko zote na ni nzuri kwa maandishi ya mashine. Kwa mwandiko wa mkono iweke pembeni. Kwa mwandiko kuna TrOCR ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2021, na kuna kraken, ambayo unaweza kuifundisha kwa mistari yako mwenyewe. Zote mbili hufanya kazi bila mtandao baada ya kupakuliwa. TrOCR ya ukubwa wa kati ina uzito unaozidi gigabaiti moja, basi ipakue usiku mmoja ambapo mtandao ni mzuri, na uinakili kwenye ufunguo wa USB.

```python
from transformers import TrOCRProcessor, VisionEncoderDecoderModel
from PIL import Image
jina = "microsoft/trocr-base-handwritten"
p = TrOCRProcessor.from_pretrained(jina)
m = VisionEncoderDecoderModel.from_pretrained(jina)
img = Image.open("p041_12_ddr.png").convert("RGB")
ids = m.generate(p(img, return_tensors="pt").pixel_values)
print(p.batch_decode(ids, skip_special_tokens=True)[0])
```

Jaribu hivi kwanza, bila kuifundisha chochote, kwenye kurasa mbili tatu. Utaona wapi inaanguka, na inaanguka mahali panapotabirika.

Pa kwanza ni moja na saba. Kwetu moja huandikwa kama tulivyofundishwa shuleni kwa mtindo wa Kifaransa: mkwaju mrefu unaopanda kutoka chini, kisha mstari unaoshuka. Saba huwa na kistari katikati. Sasa mkusanyo wa tarakimu unaotumika zaidi duniani kufundishia mashine, MNIST, una picha 70.000 zilizoandikwa na wafanyakazi wa ofisi ya sensa ya Marekani na wanafunzi wa sekondari wa hukohuko. Wao moja yao kwa kawaida ni kijiti kilichosimama tu. Mashine iliyolelewa na mwandiko huo ikiona moja yetu yenye mkwaju mrefu, inaiita saba bila kusitasita. TrOCR ya mwandiko nayo ilimalizia mafunzo yake kwa mkusanyo wa IAM, ambao ni sentensi za Kiingereza.

Hapo ndipo panapozaliwa tatizo la pili, la majina. Sehemu ya TrOCR inayoandika majibu imezoea Kiingereza, na ikikutana na jina kama Cirhuza, Nsimire au Cibalonza huvuta kuelekea neno inalolijua. Herufi "rh" ya Kimashi huipoteza, na alama ya M' mwanzoni mwa jina huirusha kabisa. Jambo baya zaidi ni kwamba jibu hutoka safi, limeandikwa vizuri, halina dalili ya mashaka.

Kuifundisha kunasaidia sana. Kwa mwandiko wa kawaida, watengenezaji wa Transkribus, programu nyingine ya kusoma mwandiko, hushauri kuandaa maneno kati ya 5.000 na 15.000 yaliyosomwa na mtu. Kwa kolone za tarakimu unaweza kuanza na chache zaidi, maana alama ni kumi tu na kistari cha mkwaju. Lakini usinunue muda wa kufundisha kabla ya kuwa na visanduku vilivyosahihishwa na watu, na hivyo utavipata kwa hatua inayofuata. Fanya kurasa za kwanza kwa mkono kamili, kisha fundisha, kisha endelea.

Mtu asione jibu la mashine

Desturi iliyozoeleka ni kuweka picha kushoto, jibu la mashine kulia, na kumwambia mtu: rekebisha panapokosewa. Kwa barua ndefu ni sawa. Kwa tarakimu ni hatari. Jicho likishaonyeshwa 17, linaiona 17 kwenye picha. Mtu aliyesahihisha visanduku mia tatu tangu asubuhi, na karibu vyote vilikuwa sawa, mkono wake hubonyeza "ndiyo" kabla macho hayajafika. Hapo msahihishaji amekuwa muhuri.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Mwandikaji apewe picha za visanduku na jedwali tupu. Faili la majibu ya mashine lisiwepo hata kwenye kompyuta anayotumia. Aandike anachokiona. Baadaye mtu mwingine ayaweke majibu mawili pamoja, la mashine na la mtu, kwa jedwali la namna hii:

```
picha,mstari,kolone,mashine,mtu,mwisho,sababu
p041,12,DDR,17/03/24,11/03/24,,
p041,13,DDR,02/04/24,02/04/24,02/04/24,sawa
```

Yakilingana, jibu linapita kwa muda. Yakitofautiana, kisanduku kinakwenda kwa msomaji wa tatu, mtu anayeifahamu rejista, na yeye aonyeshwe mstari mzima kwenye picha bila kuambiwa nani alisoma nini. Mara nyingi msomaji wa tatu ni mama mkunga mwenyewe aliyeandika, kama bado yuko kituoni. Mwulizeni. Kijana mmoja aliuliza, "Mama, hii ni moja ao ni saba?" Naye akajibu bila hata kuchukua miwani: "Ile ni moja, mwanangu. Saba yangu inakuwaka na mustari katikati." Jibu hilo liliamua kisanduku kile, kisha likawa kanuni kwa kurasa zote za mwandiko wake. Andikeni kanuni kama hizo kwenye karatasi moja kwa kila mkono: moja yake iko hivi, nne yake iko wazi juu, tisa yake inashuka kama g.

Kuna mambo ambayo wote wanapaswa kuyaandika kwa namna moja tangu siku ya kwanza. Kisanduku kisicho na kitu kiandikwe `[tupu]`. Kistari kiandikwe kistari, na sifuri iandikwe sifuri, maana mama ambaye hajazaa na mama ambaye hakuulizwa ni mambo mawili. Kisichosomeka kiandikwe `[haisomeki]`, na mtu asione haya kukitumia. Alama za kurudia, yaani vile vikoma viwili au neno "idem" chini ya jina la avenyu, ziandikwe kama zilivyo, `[idem]`. Kuzijaza kwa neno la juu ni kazi ya baadaye, baada ya mpangilio wa mistari kuthibitishwa, kwa sababu mstari mmoja ukiwa umepotea, "idem" hurithi avenyu isiyo yake, na kutoka hapo hadi chini ya ukurasa wanawake wote wamehamishwa mtaa. Angalieni pia mstari mmoja mrefu unaoshuka kwenye kolone nzima: wauguzi huutumia kumaanisha "hivyohivyo hadi hapa", na mashine huusoma 1 katika kila kisanduku unachopita.

Kanuni ya mwisho ya mwandikaji: andika kilichoandikwa. Kama muuguzi aliandika umri 72 kwenye rejista ya CPN, mwandikaji aandike 72. Marekebisho yana kolone yake, yenye sababu yake, na jina fupi la aliyeamua.

Kisanduku kimoja, hatua kwa hatua

Turudi kwenye mstari wa 12 wa p041. Kolone ya DDR ni tarehe ya hedhi ya mwisho. Mashine ilisoma 17/03/24, mwandikaji akaandika 11/03/24. Hawakubaliani, basi lazima paamuliwe. Lakini tuseme mwandikaji naye angeandika 17. Wangekubaliana, na kosa lingepita. Hili hutokea, kwa kuwa mkwaju mrefu unaodanganya mashine hudanganya pia macho ya kijana aliyechoka. Kukubaliana kwa wasomaji wawili hakutoshi pale wote wanapoweza kudanganywa na umbo lilelile.

Rejista yenyewe inatoa shahidi wa tatu. Kando ya DDR kuna DPA, tarehe inayotarajiwa ya kuzaa, na muuguzi huipata kutoka DDR. Kanuni ya kawaida ni kuongeza siku 7, kurudi miezi 3, na kuongeza mwaka 1. Ukihesabu siku kati ya tarehe hizo mbili kwa kanuni hii, unapata kati ya 280 na 283, kufuatana na urefu wa miezi iliyo katikati. Anayetumia gurudumu la katoni hupata karibu na 280. Tuweke mpaka wa 279 hadi 284, kisha tupime. DPA kwenye mstari huo inasomeka 18/12/24, wala haina ubishi.

```python
from datetime import date
ddr = date(2024, 3, 17)
dpa = date(2024, 12, 18)
siku = (dpa - ddr).days
print(siku, 279 <= siku <= 284)
```

Inatoka 276, nje ya mpaka. Weka 11 mahali pa 17 na inatoka 282, ndani. Tena kwa kanuni ya mkono: 11 na 7 ni 18, mwezi wa 3 ukirudi miezi 3 ni wa 12. Muuguzi aliandika 18/12. Yote yameshikana, na kisanduku kimeamuliwa na rejista: kwenye kolone ya mwisho 11/03/24, kwenye sababu "DPA".

Tofauti ya siku sita kati ya 11 na 17 inatosha kuvuka mpaka. Tofauti ya siku moja au mbili, kama 3 kusomwa 5, inaweza kujificha ndani yake, basi ukaguzi huu usichukuliwe kuwa mwisho. Vilevile ukaguzi ukikataa, usikimbilie kusema mashine imekosea. Wakati mwingine muuguzi mwenyewe alikosea hesabu, na picha inaonyesha wazi alichoandika. Hapo kolone ya mwisho hubaki na kilichoandikwa, na kolone ya sababu husema "hesabu ya rejista". Rejista ya shule haina DPA, lakini ina mashahidi wake: jumla ya pointi dhidi ya pointi za kila somo, na idadi ya wavulana na wasichana dhidi ya jumla ya darasa.

Karatasi za tarakimu

Kuna ukaguzi mwingine ambao ningekuwa wa mwisho kuuacha, nao ni wa bei ndogo kuliko yote. Baada ya majibu kukubaliwa, kata tarakimu moja moja kutoka kwenye visanduku, kusanya zote ambazo mashine iliziita 7, uzipange kwenye picha moja, hamsini au sitini kwa karatasi. Fanya vivyo hivyo kwa 1, kwa 4, kwa 9, hadi 0. Sasa tazama. Katika kundi la saba zenye kistari, moja isiyo na kistari inajitokeza yenyewe, na jicho huipata kwa sekunde chache, ilhali kwenye mstari wake ingepita. Bonyeza, rudi kwenye picha ya ukurasa, amua.

Gawanya karatasi hizo kwa mwandiko wa kila muuguzi, maana saba isiyo na kistari ni ya ajabu kwa mama mmoja na ni ya kawaida kwa mwenzake. Uzuri mwingine ni wa siri: tarakimu peke yake haina jina, na unaweza kumpa hata mtu ambaye haruhusiwi kuona rejista.

Majina

Kwa majina, mwandikaji aandike pia bila kuona mashine, lakini tofauti zitakuwa nyingi, na nyingi zitakuwa za tahajia. Tengeneza orodha ya majina kutoka rejista hiyohiyo, yale ambayo wasomaji wawili walikubaliana. Jina jipya likitofautiana, kompyuta inaweza kupendekeza yaliyo karibu kwenye orodha. Inapendekeza tu. Isibadilishe yenyewe, kwa sababu Nabintu na Nabinti, au Furaha na Furaa, wanaweza kuwa wanawake wawili au mwanamke mmoja aliyeandikwa na wauguzi wawili, na hilo haliamuliwi na umbali wa herufi. Linaamuliwa kwa umri, avenyu na tarehe za ziara zikiwekwa pamoja.

Jina, posinomu na prenomu ziwe kolone tatu hata kama rejista imeziweka moja. Zikitofautiana kwa mpangilio kati ya ziara ya kwanza, CPN1, na ya pili, CPN2, utaona haraka. Faili lenye majina likae peke yake, na faili la takwimu libebe namba tu.

Kupima kabla ya kukabidhi

Usipime kwa asilimia moja ya rejista nzima. Pima kila kolone peke yake. Chagua kurasa tano kwa kura, huku ukihakikisha kila mwandiko umeingia, kisha mtu ambaye hakuandika kurasa hizo azisome upya kutoka kwenye rejista ya karatasi, si kwenye picha. Kusoma kwenye karatasi kunafichua makosa ya picha yenyewe: kona iliyokatwa, kivuli, ukurasa ulioruka. Hesabu visanduku vilivyokosewa, wala usihesabu herufi.

Ukurasa ukiwa na mistari 25, umepata tarehe 125 za DDR. Hata usipokuta kosa hata moja, huwezi kudai kwamba hakuna makosa. Kanuni ya wanatakwimu ni kugawa 3 kwa idadi uliyokagua: 3 kwa 125 ni asilimia 2,4. Makosa halisi yanaweza kufika hapo na bado ukawa na bahati ya kutoyaona. Ukihitaji kusema chini ya asilimia 1, kagua 300. Andika idadi hiyo kwenye barua ya kukabidhi, pamoja na idadi ya `[haisomeki]` kwa kila kolone, ili ofisi ya zoni ijue inaweza kuegemea wapi.

Kisha amua kolone kwa kolone. Namba za mpangilio, tarehe za ziara na DDR zenye shahidi wa DPA kwa kawaida hukaa sawa, na hapo mashine inaweza kuendelea kuwa msomaji wa pili kwa rejista zinazofuata. Uzito huwa mgumu zaidi kwa sababu ya koma, 57,5 ikisomwa 575, ingawa mpaka wa kawaida wa kilo hukamata hilo. Tansheni nayo, iliyoandikwa 11/7 au 110/70 kufuatana na muuguzi, hukutana tena na moja na saba bila shahidi yeyote wa kuiokoa. Kolone ya namna hiyo ikizidi kiwango cha makosa mlichokubaliana na titileri, ondoeni mashine humo. Wawili waiandike kwa mkono kutoka mwanzo, na visanduku vyao vilivyokubaliwa vihifadhiwe pamoja na picha zake, viwe vya kufundishia mashine kabla ya rejista ijayo.